Mteja alipoomba nimpunguzie milioni moja na nusu kazi ikiwa katikati

Machi 2024 niliandikiana na mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, nimtengenezee mfumo wa kompyuta wa kuendeshea biashara yake. Bei ilikuwa shilingi 4,000,000 kwa kazi nzima, haipandi wala haishuki. Hiyo ndiyo shughuli inayonilisha: naandika programu za watu wa stoo, maduka ya jumla na wenye mashine za mawese. Kwa mji wetu, kazi ya milioni nne haiji kila wiki.

Mama huyu hununua dagaa alfajiri mitumbwi inaporudi, huwaanika, huwafunga kwenye magunia na kuwasafirisha Dar es Salaam na Kongo. Kilichokuwa kinamuumiza ni fedha anazowatangulizia wenye mitumbwi kabla hawajaingia ziwani, za mafuta, nyavu na betri za taa. Wao humlipa kwa dagaa, kidogo kidogo, na hesabu zake zilikuwa kwenye madaftari ambayo kila kijana wa stoo aliyaandika kwa namna yake.

Kazi ilikuwa na vipande vitano. Kwenye mkataba nilivitaja vyote bila kuweka bei mbele ya kila kimoja, lakini kwenye daftari langu kila kipande kilikuwa na thamani yake: msingi wa mfumo pamoja na hesabu za stoo 1,500,000; mauzo na madeni ya wateja 900,000; madeni ya wenye mitumbwi 700,000; ujumbe mfupi wa simu unaokwenda wenyewe kwa wateja 400,000; mafunzo ya vijana na uangalizi wa mwezi mmoja 500,000. Malipo yalikuwa ya awamu tatu: 1,600,000 siku ya kusaini, 1,200,000 nikishakabidhi stoo na mauzo, na 1,200,000 kazi ikikamilika.

Awamu ya kwanza alilipa bila kusumbua. Nikakabidhi stoo na mauzo, vijana wakaanza kuvitumia, nikatuma ankara ya awamu ya pili. Hapo ndipo Ziwa Tanganyika lilipofungwa. Uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na kwa mtu ambaye fedha yake yote inapita kwenye mitumbwi, miezi mitatu ni mirefu.

Siku chache baadaye akanitumia ujumbe wa sauti. "Mwanangu, hujambo? Kazi yako nzuri, vijana wanaisifia. Ila hali imekuwa ngumu, ziwa limefungwa, na wewe unaona. Nakuomba unifikirie. Tufanye milioni mbili na nusu yote kwa yote, nikumalizie laki tisa, tuachane vizuri."

Kabla ya kufikiria maneno ya kumjibu, nilikaa na hesabu. Ombi la namna hii likitajwa kwa jumla huonekana dogo kuliko lilivyo. Kutoka milioni nne hadi mbili na nusu ni punguzo la asilimia 37.5, na mtu mwenye huruma anaweza kusema, sawa, tugawane maumivu. Lakini milioni 1.6 ilishalipwa na ilishatumika. Punguzo haliwezi kuigusa tena. Linaangukia lote kwenye 2,400,000 iliyobaki, na hapo tayari ni zaidi ya asilimia 62.

Tena katika hiyo 2,400,000, sehemu ilikuwa ya kazi ambayo nimeshaikabidhi. Msingi, stoo na mauzo vilikuwa na thamani ya 2,400,000, yeye ameshalipa 1,600,000, kwa hiyo 800,000 lilikuwa deni la kitu ambacho vijana wake wanakitumia kila asubuhi. Ukiondoa hiyo 800,000 kwenye laki tisa aliyotaka kunipa, inabaki laki moja. Kwa lugha iliyo wazi, alikuwa ananiomba nimfanyie madeni ya mitumbwi, ujumbe wa simu na mafunzo, kazi ya 1,600,000, kwa shilingi 100,000. Sidhani kama yeye mwenyewe alikuwa ameiona hivyo. Wateja wengi hawaioni, kwa sababu wanatazama bei ya jumla, nasi mafundi tunakosea tunapowajibu tukiwa tunaitazama hiyo hiyo.

Hesabu hiyo ilinipa jambo la pili. Kukubali hapo kusingekuwa ukarimu ninaoweza kuubeba. Kijana anayenisaidia kutengeneza sehemu ya simu alikuwa na makubaliano yake na mimi, na fedha ya seva haingoji ziwa lifunguliwe. Fundi aliyebanwa hivyo mara nyingi husema ndiyo kwa mdomo, kisha kazi yake inasema hapana: anachelewa, anakwepa simu, anakabidhi kitu kibovu. Mteja anadhani amepata nafuu, kumbe amenunua kazi mbaya zaidi.

Wenzangu wa fani hii mara nyingi huchukua ombi kama hili kuwa dharau. Siwaungi mkono. Mama huyu amekulia mwaloni, na pale bei ya gunia hupatanwa asubuhi kisha huguswa tena mchana ikiwa dagaa wamenyeshewa. Kuomba ni sehemu ya kuzungumza. Ukimjibu "mkataba ni mkataba", unakuwa umejibu swali la kisheria ambalo hakuliuliza, na umemkatia kauli mtu mzima. Ukinyamaza siku nne ukitafuta maneno, hiyo ndiyo dharau yenyewe.

Kwa hiyo jibu la kwanza lilikwenda jioni ile ile, fupi:

"Shikamoo mama. Nimeusikiliza ujumbe wako wote na nimekuelewa, pole kwa kipindi hiki. Naomba nikupigie kesho asubuhi tuzungumze, halafu nitakuandikia."

Humo hakuna "usijali", wala "tutaangalia", wala "inshallah itawezekana". Maneno hayo kwetu ni ya upole tu, lakini kwa anayeomba punguzo yanasikika kama ndiyo. Ukimwambia mtu "tutaangalia mama", akifika nyumbani ameshaipangia kazi ile milioni moja na nusu. Vilevile sikuomba radhi. Pole ya hali yake ilistahili. Samahani ya bei haikuwa na sababu, na ukiisema unakiri kwamba bei ilikuwa na kasoro.

Asubuhi nilimpigia. Niliamua simu itangulie maandishi kwa sababu nilikuwa na swali moja tu, na swali hilo kwa maandishi lingesikika kama mahojiano. Baada ya salamu na habari za nyumbani nikamuuliza: "Mama, kinachokubana ni bei yenyewe, au ni kwamba fedha haipo sasa hivi?"

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema bei haikuwa na tatizo, alishaikubali tangu mwanzo. Ila amebaki na magunia machache, ameshawatangulizia fedha wenye mitumbwi ambao sasa wamekaa nyumbani, na hawezi kutoa 1,200,000 ya awamu ya pili bila kugusa mtaji wa kununulia dagaa ziwa likifunguliwa. Ile milioni mbili na nusu? Aliitaja kwa sababu laki tisa ndiyo fedha aliyoona anaweza kuikusanya.

Hapo ombi likabadilika sura. Alichokosa ni muda, akauomba kwa jina la punguzo kwa sababu ndilo ombi analolifahamu. Kama ningejibu ombi kama lilivyotamkwa, ningeweza kupunguza laki tano, nikaumia, na yeye bado asingekuwa na fedha mwezi Juni. Punguzo haliponyi tatizo la muda. Ndiyo maana siwezi kuandika jibu la namna hii kabla ya kulijua hilo. Anayebanwa na muda, anayeona bei imezidi thamani, na anayejaribu tu kama utalegea, kila mmoja anahitaji barua yake.

Sikutoa ahadi yoyote kwenye simu. Nilimwambia nitamletea njia mbili kwa maandishi, achague.

Njia ya kwanza ilikuwa rahisi kuipanga: kazi yote ibaki, bei ibaki, tarehe zisogee. Ya pili ilikuwa kupunguza kazi ili bei nayo ishuke, na hapa kuna jambo ambalo mteja halioni bila kuelezwa. Kuondoa kipande kimoja kati ya vitano hakuondoi moja ya tano ya bei. Ni kama gauni ambalo kitambaa chake kimeshakatwa: ukisema mikono sitaki tena, fundi hawezi kukurudishia nusu ya gharama. Kwenye mfumo, msingi ndio unaokula nguvu nyingi, yaani namna kumbukumbu zinavyohifadhiwa, nani anaruhusiwa kuona nini, nakala za akiba, na huo ulikuwa umekwisha. Vilivyoweza kuondolewa ni vile ambavyo havijaanzwa na ambavyo mfumo unaweza kuishi bila hivyo. Vilikuwa viwili tu, madeni ya mitumbwi na ujumbe wa simu. Mafunzo sikuyaweka kwenye kuondolewa, maana mfumo ambao vijana hawakufundishwa hurudi kuwa daftari, na jina linaloharibika ni langu. Kwa hiyo ukiondoa vyote viwili bei inashuka kwa 1,100,000 na kufikia 2,900,000. Chini ya hapo hakukuwa na kazi ya kuondoa.

Nilifikiria pia kuweka njia ya tatu, punguzo dogo la asilimia tano akilipa salio lote kwa mkupuo. Kwa mteja mwenye fedha ni njia nzuri, kwa sababu fedha ya leo inakupunguzia wewe hatari na unaweza kuilipia. Kwa mtu aliyetoka kuniambia hana, ingekuwa kejeli. Nikaiacha.

Hii ndiyo barua niliyomtumia:

"Shikamoo mama. Asante kwa mazungumzo ya asubuhi na kwa kunieleza hali ilivyo. Nafurahi pia kusikia vijana wameanza kuuzoea mfumo.

Tulikubaliana shilingi 4,000,000 kwa vipande vitano. Umeshalipa 1,600,000. Msingi, stoo na mauzo vimeshakabidhiwa, vina thamani ya 2,400,000, kwa hiyo hapo imebaki 800,000. Vipande vitatu ambavyo bado, yaani madeni ya mitumbwi, ujumbe wa simu na mafunzo, vina thamani ya 1,600,000.

Kwa bei ya 2,500,000 sitaweza kukamilisha kazi yote kwa ubora niliokuahidi. Ila naweza kukusaidia kwa njia mojawapo ya hizi mbili.

Ya kwanza: kazi yote inabaki na bei inabaki 4,000,000, lakini unalipa taratibu. Tarehe 30 Juni 200,000, tarehe 31 Julai 200,000, tarehe 31 Agosti 400,000. Vipande vilivyobaki nitavianza ziwa likifunguliwa, na utalipa 800,000 mwisho wa Septemba na 800,000 mwisho wa Oktoba.

Ya pili: tunaondoa madeni ya mitumbwi na ujumbe wa simu. Bei inashuka hadi 2,900,000 na salio linakuwa 1,300,000: Juni 200,000, Julai 200,000, Agosti 400,000, na 500,000 mwisho wa Septemba baada ya mafunzo. Siku ukitaka kuongeza vipande hivyo tutapatana upya kwa bei ya wakati huo.

Kwa njia zote mbili, stoo na mauzo vinaendelea kufanya kazi kama sasa, sitavizima. Naomba unijulishe hadi Ijumaa ni ipi inakufaa, au kama kuna tarehe ya kurekebisha, ili niandike nyongeza ya mkataba. Ubarikiwe mama."

Kuna sentensi tatu humo ambazo nilizipima sana.

Ya kwanza ni ile ya "sitaweza kukamilisha kazi yote kwa ubora niliokuahidi". Hilo ndilo hapana lenyewe, na liko mara moja tu. Halina "kwa bahati mbaya", halina orodha ya matatizo yangu, kodi ya nyumba au ada za watoto. Ukianza kuorodhesha shida zako, mnakuwa mnashindana nani ana hali mbaya zaidi, na mtu ambaye ziwa limemfungia biashara atakushinda. Sababu inayohusu kazi yake haina mashindano. Pia hapana hiyo imefuatwa na "ila naweza" kwenye aya ile ile, kwa hiyo msomaji habaki mbele ya mlango uliofungwa.

Ya pili ni "sitavizima". Mteja wa mfumo anayedaiwa huwa na hofu moja kubwa: huyu kijana ana funguo, akikasirika atanifungia. Wapo wanaofanya hivyo. Mimi naona ni kosa, si kwa wema tu. Ukizima kitu ulichokwisha kukabidhi, unaingiza ugomvi wa pili juu ya ule wa kwanza, na unampa hoja ya kutolipa kabisa. Nguvu yangu halali ilikuwa kwenye kazi ambayo sijaifanya: hiyo naweza kuisimamisha hadi malipo yaeleweke, na nilisema wazi itaanza lini. Kumwondolea hofu ile kulimfanya azungumze tarehe badala ya kujihami.

Ya tatu ni "hadi Ijumaa". Barua isiyo na siku ya kujibiwa hukaa kwenye simu ya mtu ikizikwa na jumbe za vikundi. Lakini siku hiyo lazima iwe na sababu ndani ya kazi, kama kuandika nyongeza ya mkataba. Ikiwa siku tupu inageuka kitisho.

Kwa nini maandishi, wakati tulishaongea? Kwa sababu sauti inabaki na kila mtu kwa namna alivyoisikia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki, kwa hiyo kilichoandikwa WhatsApp si maneno ya hewani kama wengi wanavyodhani. Na hilo linakata pande zote mbili. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, upande mmoja hauwezi kubadili bei peke yake. Yeye kuomba hakukubadilisha chochote. Lakini anayedai anaruhusiwa kusamehe sehemu ya deni kwa hiari yake, na mimi ningeandika tu "sawa mama, hamna shida", ningekuwa nimejifunga mwenyewe kwa maneno manne. Kurudi baadaye na kusema sikumaanisha kungekuwa kugumu, na kungekuwa aibu.

Akajibu siku ya pili, kwa sauti tena, na jibu lake lilinifundisha biashara yake kuliko mazungumzo yetu yote ya Machi. Kwanza alikuwa ameegemea njia ya pili, kwa sababu ya bei. Kisha akakumbuka kwamba madeni ya mitumbwi ndiyo yaliyomfanya anitafute. "Hiyo ukiitoa mwanangu, umenitengenezea daftari la umeme tu." Ujumbe wa simu ndio aliokuwa tayari kuuacha, wateja wake wakubwa huwapigia mwenyewe. Kwa hiyo akaunda njia yake ya katikati: tuondoe 400,000 ya ujumbe wa simu, bei iwe 3,600,000, salio 2,000,000.

Kisha akazikataa tarehe zangu. Juni na Julai sawa, laki mbili mbili atazitoa kwenye duka la mdogo wake. "Lakini tarehe 31 Agosti hapana. Ziwa linafunguliwa mbalamwezi imejaa, nani atakuwa na fedha?"

Mimi nilikuwa nimepanga kwa mwisho wa mwezi kama mtu wa mshahara. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti, na mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Fedha ya mwaloni huja kwenye giza. Nikaangalia kalenda: mwezi mpevu ulikuwa tarehe 19 Agosti, siku nne tu baada ya kufunguliwa, na giza zuri lingekuwa mwanzoni mwa Septemba. Baada ya uvuvi huo kuna kuanika, kufunga magunia, kusafirisha na kungoja mnunuzi alipe. Tukakubaliana 400,000 tarehe 10 Septemba, 600,000 tarehe 10 Oktoba na 600,000 tarehe 10 Novemba. Tarehe hizo ziko nyuma ya giza kila mara, na ndiyo sababu nilizikubali bila kubishana. Ratiba ya malipo isiyofuata fedha ya mteja inavyoingia ni karatasi tu.

Nyongeza ya mkataba ilikuwa ukurasa mmoja. Ilitaja mkataba wa Machi, ikasema kipande gani kimeondolewa, bei mpya, kiasi kilichokwisha kulipwa, tarehe tano na viwango vyake, na kwamba mengine yote yanabaki kama yalivyokuwa. Ikasema pia kuwa mafunzo yatatolewa baada ya malipo ya Oktoba kuingia, ili malipo ya Novemba peke yake ndiyo yabaki baada ya kazi. Hapo hatari yangu ilikuwa 600,000, kiasi ambacho nikikikosa nitakasirika lakini nitaendelea kula. Nilichapisha nakala mbili, nikazipeleka Kibirizi, tukasaini kwenye meza ya stoo.

Alilipa. Malipo ya Oktoba yalichelewa kidogo kwa sababu mnunuzi wa Kongo alimchelewesha, na mafunzo nayo yakasogea kwa siku hizo hizo, bila maneno. Ujumbe wa simu hajauomba hadi leo.

Sitaki mtu afikiri kwamba barua ile inafaa kila mahali. Mwaka uliofuata mteja mwingine, mwenye nyumba ya wageni mjini, aliniandikia kazi ikiwa imefika theluthi mbili kwamba kuna kijana atamfanyia kwa nusu ya bei, kwa hiyo nishushe. Nilimuuliza swali lile lile la bei au muda. Akasema fedha anayo, ila haoni sababu ya kulipa zaidi. Huyo hakuhitaji ratiba wala njia mbili. Kumpa ratiba kungekuwa kumwonyesha kwamba bei yangu ina mahali pa kubonyezwa.

Nilimwandikia mistari michache: "Nashukuru kwa kunijulisha, kaka. Bei tuliyosaini inabaki ilivyo kwa kazi tuliyoorodhesha. Kama ungependa kuendelea na fundi mwingine, nitakukabidhi kila kilichokamilika pamoja na nywila zake, baada ya kulipia sehemu iliyofanyika, ambayo ni hii hapa." Nikaambatanisha hesabu. Sikumsema vibaya kijana wa nusu bei, sikueleza uzoefu wangu. Mtu anayejaribu kamba huangalia kama utaanza kujieleza. Ukijieleza, anajua aendelee kuvuta. Ila mlango wa kuondoka lazima uwe wa kweli. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kazi iliyofanyika na nilikuwa tayari kukabidhi siku hiyo hiyo. Ukiandika maneno yale huku moyoni ukiomba asiondoke, simu yake ya kwanza itakushusha.

Hakuondoka, lakini pia hajanipa kazi nyingine, na hilo nalo ni bei.

Siku hizi kwenye kila mkataba wa bei moja naweka thamani ya kila kipande mbele yake, ile niliyokuwa naificha kwenye daftari. Mafundi wengine wananiambia nawapa wateja kisu cha kunikatia: wataanza kuchagua vipande kabla hata ya kusaini. Ni kweli, wengine huchagua, na mara mbili tatu kazi imekuwa ndogo kuliko nilivyotaka. Lakini ombi la punguzo likija katikati, jibu linakuwa tayari kwenye karatasi ambayo mteja mwenyewe ameisaini. Chini yake pana kifungu kimoja: kila mabadiliko ya bei yatakwenda pamoja na mabadiliko ya kazi au ya tarehe, kwa maandishi, na kazi iliyokwisha kukabidhiwa italipwa kwa thamani iliyoonyeshwa. Ninaposaini na mtu wa mwaloni, huuliza kwanza giza linaanza lini.